Hadithi ya Mazoezi: "Nambari 27" na Uchambuzi Wake

Utangulizi

Hadithi ifuatayo haimo katika diwani unayotahiniwa. Imetungwa kwa ajili ya mwongozo huu ili ufanye mazoezi ya kuisoma hadithi ambayo hujawahi kuchambuliwa na mtu mwingine. Wanafunzi wengi hufika Kidato cha Nne wakiwa wamekariri maudhui na wahusika wa kila hadithi, lakini wakipewa dondoo wasilolitarajia hukwama. Isome hadithi nzima mara moja bila kalamu, kisha uisome tena ukipigia mistari maneno yanayobadilisha mambo. Baada ya hapo ndipo uendelee na uchambuzi.

NAMBARI 27

Stima ilipotea saa tatu usiku. Karatasi ishirini na sita zilikuwa zimesahihishwa kati ya tisini na sita. Mwalimu alipapasa dirishani, akaishika taa ya sola, akaiweka juu ya kopo la unga ili mwanga uanguke mezani. Hapakuwa na upepo. Jasho lilimtiririka hadi kwenye viwiko, na kila alipoinua mkono karatasi iliinuka nao.

Mwaka uliotangulia walimu wa Hisabati shuleni walikuwa watatu. Wawili walikuwa wamehamishwa. Sasa Kidato cha Tatu na cha Nne vilikuwa vyake peke yake, na matokeo ya moko yalitakiwa ofisini asubuhi.

Aliivuta karatasi ya ishirini na saba. Shule ilikuwa imewapa watahiniwa nambari badala ya majina, ili wauzoee mtihani wa kitaifa. Akafungua swali la kumi na tisa, lile alilolitunga mwenyewe:

"Malisho yako kilomita 3 kutoka kwenye ukingo wa mto ulionyooka. Boma liko kilomita 5 kutoka kwenye ukingo huo huo, upande ule ule wa mto. Kutoka mahali pa ukingo palipo mkabala na malisho hadi mahali palipo mkabala na boma ni kilomita 6. Mchungaji anatoka malishoni, ananywesha mifugo mtoni, kisha anakwenda bomani. (a) Tafuta umbali mfupi zaidi anaoweza kutembea. (Alama 6) (b) Atanywesha mahali gani? (Alama 4) Unaweza kutumia jedwali lililo hapa chini."

Jedwali la nambari 27 lilikuwa tupu. Karatasi ya grafu ilikuwa safi. Chini kulikuwa na mistari minne tu:

3 + 5 = 8
6² + 8² = 100
Umbali ni km 10
3/8 × 6 = 2.25

Pembeni palikuwa na mchoro mdogo wa penseli ambao mwanga wa taa haukuufikia vizuri.

Mwalimu aliutazama mwongozo wake wa kusahihisha. Jedwali, alama mbili. Grafu, alama nne. Umbali, km 10.0, alama mbili. Mahali, km 2.2, kubali 2.1 hadi 2.4, alama mbili. Akaitazama tena karatasi. Kumi kamili, bila jedwali, bila grafu. Akakumbuka kwamba mwongozo ule ulikuwa umelala kwenye meza ya ofisi ya walimu Jumatatu nzima, mlango ukiwa wazi.

"Wameuona," alijisemea.

Akachora sifuri kubwa nyekundu. Kando yake akaandika, "Njia?" Akaiweka karatasi sakafuni, peke yake, ili asubuhi aipeleke kwa naibu wa mwalimu mkuu.

Alisahihisha ya ishirini na nane, ya ishirini na tisa, ya thelathini. Zote zilikuwa na jedwali. Zote zilikuwa na grafu iliyopinda kama bakuli. Hakuwa akisoma tena. Jicho lilikuwa likitafuta jedwali, likiliona, mkono ukitia alama.

Mlango ulibishwa. Mlinzi wa usiku aliingia na thamosi ya chai.

"Maalim, bado?"

"Bado, Mzee. Keti."

Mzee aliimimina chai, akakaa kwenye godoro. Alikuwa amechunga ng'ombe kando ya Tana tangu utotoni hadi ukame ulipommalizia kundi. Alitazama chini, akaiokota karatasi iliyokuwa miguuni pake, akaisogeza karibu na taa.

"Huyu ni mfugaji gani mwenye maboma mawili?"

"Maboma mawili wapi?"

"Hapa. Moja upande huu, jingine ng'ambo. Mto umepita katikati."

"La ng'ambo ni la uongo, Mzee. Swali lina boma moja."

"La uongo, lakini amelipima. Liko mbali na mto sawasawa na lile la kweli." Mzee akairudisha karatasi mezani, akasimama. Mbwa walikuwa wakibweka getini. "Kunywa kabla haijapoa, Maalim."

Mwalimu alibaki ameishika karatasi. Aliuona mchoro. Mto ulikuwa mstari ulionyooka. Boma la ng'ambo lilichorwa kwa vitone, na kutoka malishoni hadi kwenye boma hilo ulipita mstari mmoja, bila kona. Aliikunja karatasi pale mto ulipopita na kuiinua mbele ya taa. Maboma yale mawili yaliangukiana.

Alikaa kimya. Kisha akachukua kalamu ya kawaida, si ile nyekundu, akaanza kuhesabu kwenye bahasha. Alipofika kwenye 2.25 alisimama. Mwongozo wake ulisema 2.2. Mtu aliyeiba angeandika 2.2.

Alirudi kwenye swali, akalisoma polepole kama mtahiniwa. Unaweza kutumia jedwali. Neno lile alilichagua mwenyewe, na alikuwa amelisahau.

Akaikata sifuri, akatia sahihi kando yake, akaandika 10. Neno "Njia?" hakulifuta. Chini yake aliongeza, "Nimeiona." Kisha akafungua mwongozo wa kusahihisha na kuandika chini kabisa: Njia ya pili.

Chai ilikuwa imepoa. Alizitazama zile karatasi ishirini na sita alizokwisha kuzifunga kwa kamba. Ilikuwa saa sita na robo. Alifungua kamba, akaivuta karatasi ya kwanza, akaanza upya.

Mandhari na usuli

Hadithi inatendeka katika chumba cha mwalimu shuleni, usiku mmoja, kuanzia saa tatu hadi saa sita na robo. Jina la mji halitajwi. Hata hivyo mto Tana, ufugaji, ukame, joto la usiku na mwito wa "Maalim" vinatuelekeza Garissa. Mji wa Garissa umejengwa kwenye ukingo wa mashariki wa Tana, na kwa mfugaji wa huko safari ya kutoka malishoni hadi mtoni na kurudi bomani ni ya kila siku. Mwalimu alilitunga swali lake kutokana na mazingira ya wanafunzi, na ndiyo maana mlinzi ambaye si mwanahisabati anauelewa mchoro kwa haraka.

Sentensi "Wawili walikuwa wamehamishwa" ni fupi lakini ina historia ndefu. Januari 2020 walimu watatu waliuawa katika shambulio la Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na baadaye Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Waliobaki walibeba masomo ya wenzao. Hadithi haielezi sababu ya uhamisho, kwa hiyo usiandike katika jibu lako kwamba walimu hao walikimbia mashambulizi. Andika kile ambacho matini inathibitisha, yaani kwamba uhaba wa walimu umemwachia mtu mmoja karatasi tisini na sita zinazotakiwa kufikia asubuhi.

Hesabu iliyo ndani ya hadithi

Huwezi kulieleza badiliko la Mwalimu bila kuelewa alichokiona. Tuifuate hesabu hiyo taratibu.

Njia ya mwongozo ni ya kujaribu. Mtahiniwa huchagua mahali mbalimbali kwenye ukingo, akihesabu kilomita kuanzia mkabala na malisho, kisha kwa kila mahali hutafuta vipande viwili vya safari kwa kanuni ya Pithagora na kuvijumlisha. Mchungaji akinywesha kwenye kilomita 1, safari nzima ni kama km 10.23. Kwenye kilomita 2 ni km 10.01. Kwenye kilomita 3 ni km 10.07. Kwenye kilomita 4 inapanda hadi km 10.39. Ukichora grafu utapata umbo la bakuli, na sehemu ya chini kabisa iko kidogo baada ya 2. Njia hii ni sahihi, lakini jibu lake ni la kukadiria kwa macho. Ndiyo sababu mwongozo unakubali chochote kati ya 2.1 na 2.4.

Nambari 27 hakujaribu mahali popote. Alijiuliza, safari ingekuwaje kama boma lingekuwa ng'ambo ya mto, umbali ule ule wa kilomita 5 kutoka ukingoni? Popote mchungaji atakaponywesha, kutoka hapo hadi boma la kweli ni sawa na kutoka hapo hadi boma la ng'ambo, kwa kuwa moja ni taswira ya jingine kama katika kioo. Kwa hiyo safari yenye kona inageuka kuwa safari ya kwenda boma la ng'ambo, na njia fupi kati ya sehemu mbili ni mstari ulionyooka. Mstari huo unashuka kilomita 3 hadi mtoni na kilomita 5 zaidi hadi boma la ng'ambo, jumla 8, huku ukisonga kando kilomita 6. Mraba wa 6 na mraba wa 8 ni 100, na kipeuo chake ni 10. Kwa kuwa mto unakatwa baada ya kilomita 3 kati ya hizo 8, mahali pa kunywesha ni 3/8 ya kilomita 6, yaani 2.25. Hapa hakuna kukadiria.

Zingatia pia kwamba uakisi hufundishwa kabla ya Kidato cha Nne. Mwanafunzi alitumia somo la zamani mahali ambapo hakuna aliyelitarajia. Na njia yake ina mpaka: inafaa kwa sababu swali lilisema mto umenyooka. Tana halisi hupindapinda, na kwenye ukingo uliopinda boma la ng'ambo halingepatikana kwa kukunja karatasi.

Mgogoro na kilele

Mgogoro wa nje ni kati ya Mwalimu na karatasi ya nambari 27. Anaidhania kuwa ya mwizi. Dhana yake ina msingi kidogo, kwa kuwa mwongozo ulilala ofisini mlango ukiwa wazi na jibu limetokea bila jedwali. Mtunzi hakumfanya Mwalimu kuwa mtu mbaya. Alimfanya mtu mwenye sababu nusu, na usiku wa uchovu sababu nusu hutosha kumhukumu mtu.

Mgogoro wa ndani ni mzito zaidi. Upande mmoja kuna kazi inayotaka kasi, na upande mwingine kuna wajibu wa kusoma. Sentensi inayouonyesha ni hii: "Hakuwa akisoma tena." Inafuatwa na jicho linalotafuta jedwali na mkono unaotia alama, kana kwamba viungo vinafanya kazi bila mwenyewe. Ipigie mstari, maana itakufaa katika swali lolote kuhusu uchovu au uwajibikaji.

Watahiniwa wengi wangesema kilele ni pale Mwalimu anapoandika 10. Hilo ni tokeo la kilele. Kilele chenyewe kina hatua tatu, na kila moja inaondoa kosa lake. Karatasi inapokunjwa, Mwalimu anagundua kwamba njia ipo. Anapofika kwenye 2.25, anagundua kwamba wizi haupo, kwa sababu jibu la mwanafunzi ni sahihi kuliko la mwongozo unaodaiwa kuibwa. Anaposoma neno "Unaweza", anagundua kwamba hata sheria ya mtihani ilikuwa upande wa mwanafunzi. Kama swali lingesema "Kwa kutumia jedwali", mwanafunzi huyu angepoteza alama hata kwa njia iliyo bora, kwa kuwa hapo njia yenyewe ndiyo inayopimwa. Neno moja limebeba haki ya mtu.

Mwisho wa hadithi unaendeleza maudhui hayo. Ikiwa jicho lilikosea kwa karatasi moja, huenda lilikosea kwa nyingine. Mwalimu anafungua kamba na kuanza upya, na hadithi haituambii atapata nini. Usibuni.

Wahusika

Mwalimu ni mhusika mkuu. Ni mchovu, na ushahidi ni jasho, saa na karatasi tisini na sita. Ni mwepesi wa kushuku, kwani anaandika sifuri kabla ya kuuchunguza mchoro. Ni mwadilifu, kwa kuwa anakata sifuri na kutia sahihi, ili yeyote atakayeiona karatasi ajue nani alibadilisha alama. Ni mnyenyekevu, kwa sababu anaiongeza njia ya mwanafunzi katika mwongozo wake mwenyewe. Sifa mbili za kwanza na mbili za mwisho zinapingana, na huko ndiko kubadilika kwa mhusika. Ukitaja sifa nzuri pekee utakuwa umesimulia nusu ya mtu.

Mzee, mlinzi wa usiku, ni mhusika msaidizi. Ni mkarimu, maana analeta chai. Ni mdadisi, maana anaokota kilichoachwa sakafuni. Ana ujuzi unaotokana na maisha, kwa kuwa macho ya mchungaji yanapima umbali wa boma na mto kabla ya kuuliza chochote. Tahadhari: Mzee hakulitatua swali. Aliuona mchoro na kuuliza. Ukiandika kwamba "mlinzi alimfundisha mwalimu hesabu", umeongeza jambo lisilokuwemo.

Nambari 27 haonekani wala hasemi. Tunamjua kwa mistari minne na mchoro mmoja. Ni mbunifu, na ana ujasiri wa kuacha jedwali aliloandaliwa. Pia ana upungufu: hakuandika hata sentensi moja ya kueleza boma la vitone, na ukimya huo ulikaribia kumgharimu alama zote kumi. Je, ni mvulana au msichana? Hadithi haisemi. Katika Kiswahili "aliandika" hufaa kwa wote, na mtunzi ameitumia nafasi hiyo. Jihadhari na majibu yanayoanza na "msichana huyu" au "kijana huyu wa kiume".

Mbinu za uandishi

Ishara. Boma la ng'ambo ni ishara ya kuliangalia jambo kutoka upande mwingine. Mwanafunzi analivusha boma ili aione njia. Mwalimu naye anavuka anapolisoma swali lake "kama mtahiniwa". Taa ya sola ni ishara ya upeo mdogo wa Mwalimu: mwanzoni mwanga wake haukuufikia mchoro, na mchoro ulieleweka ulipoinuliwa mbele ya taa hiyo hiyo.

Kinaya. Mwalimu anamdhania mwanafunzi kuwa ameiba kutoka katika mwongozo, kumbe ni mwongozo unaopata kitu kutoka kwa mwanafunzi. Tena, anayemtaka mwanafunzi aonyeshe njia ndiye asiyeiona njia iliyo mbele yake.

Tashbihi. "Grafu iliyopinda kama bakuli" inatupa umbo la grafu, na kwa kuwa zote zilifanana, inatuonyesha pia uzoevu uliomlaza Mwalimu.

Hadithi na maisha halisi

Kisa kinachokaribiana na hiki kilitokea Tanganyika mwaka 1963. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aisikrimu na wenzake. Nafasi katika friza ilikuwa inakwisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado moto. Yaliganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na darasa likamcheka. Osborne hakulitupa swali hilo. Alirudi chuoni jaribio likafanywa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja.

Tofauti ni muhimu. Hesabu ya nambari 27 inaweza kuthibitishwa kwa kukunja karatasi, ilhali wanasayansi bado wanabishana kuhusu maji moto na kuganda. Osborne hakujua kama Mpemba yuko sahihi. Alichofanya ni kukubali kupima kabla ya kuhukumu. Mwalimu wetu alihukumu kwanza, akapima baadaye. Kisa hiki kitakusaidia kuelewa hadithi, lakini usikiingize katika jibu la mtihani. Alama hutolewa kwa yaliyomo katika matini.

Dondoo lililojibiwa

"Huyu ni mfugaji gani mwenye maboma mawili?"

(a) Eleza muktadha wa dondoo hili. (Alama 4)
(b) Eleza umuhimu wa msemaji. (Alama 6)
(c) Onyesha jinsi usemi huu unavyobadilisha mkondo wa hadithi. (Alama 10)

Jibu la (a): Haya ni maneno ya Mzee, mlinzi wa usiku. Anamwambia Mwalimu. Wamo chumbani mwa Mwalimu usiku, Mzee alipoleta chai. Anauliza baada ya kuokota karatasi ya nambari 27 iliyowekwa sakafuni na kuuona mchoro wenye boma la pili ng'ambo ya mto.

Kila sentensi hapo ina alama moja: msemaji, msemewa, mahali, tukio. Kosa la kawaida ni kusimulia hadithi nzima katika sehemu hii, kisha kukosa muda wa (c).

Katika (b), toa hoja tatu zilizothibitishwa. Mzee ni kiungo cha maudhui ya ujuzi wa maisha. Anasaidia kuonyesha udhaifu wa Mwalimu, ambaye alikuwa na karatasi hiyo hiyo asiione. Kupitia kwake tunaijua hali ya wafugaji na ukame uliommalizia kundi.

Katika (c), anza na hali kabla ya usemi: sifuri imeandikwa na karatasi inasubiri kupelekwa kwa naibu. Kisha ufuate matokeo kwa mpangilio: Mwalimu anautazama mchoro, anaikunja karatasi, anahesabu, anaigundua 2.25, analisoma swali upya, anabadilisha alama, anaongeza njia ya pili, anaanza upya. Eleza kila hatua imetokana vipi na iliyotangulia. Orodha isiyo na maelezo haitakufikisha kwenye alama kumi.

Onyo kuhusu mbinu: wengine wataliita swali la Mzee "swali la balagha". Balagha haihitaji jibu. Mwalimu hapa anajibu, "Maboma mawili wapi?", na mazungumzo yanaendelea. Hili ni swali la kweli.

Maswali ya marudio

1. "Nimeiona." Jadili ukweli wa usemi huu kwa kurejelea mambo manne ambayo Mwalimu hakuyaona mwanzoni. (Alama 8)

2. Mwalimu alikuwa na sababu ya kushuku. Thibitisha, kisha uonyeshe upungufu wa sababu hiyo. (Alama 10)

3. Eleza jinsi mtunzi alivyotumia wakati na mwanga kuendeleza maudhui. (Alama 6)

4. Mwandikie nambari 27 sentensi mbili ambazo zingefaa kuwekwa kando ya mchoro ili msahihishaji yeyote aielewe njia bila msaada wa Mzee. Linganisha sentensi zako na za mwenzako. Zikimlazimu kukuuliza swali, ziandike upya.